Je, wajua "tumefika lenta" ina maana mbili?

"Kwenye fomu ya mradi wetu wa madarasa kuna safu ya 'hatua kuu' na safu ya 'vitu vya kukabidhi'. Kwenye kamati tunajaza maneno yaleyale pande zote mbili. Tofauti ni nini, na tuandikeje ili anayekuja kukagua aone kama kazi imesogea?"

Kitu cha kukabidhi kina mwili. Unakigusa, unakihesabu, unakipima kwa futi kamba. Yupo anayekitoa na yupo anayekipokea. Boma, yaani kuta za jengo kabla ya paa, ni kitu cha kukabidhi. Mchoro nao ni kitu cha kukabidhi, na majibu ya maabara vilevile, ingawa ni karatasi tu. Hatua kuu haina mwili. Ni tukio: limetokea au halijatokea. Ndiyo maana kwenye programu za kupanga ratiba kama Microsoft Project hatua kuu huandikwa siku 0. Kujenga kuta kunakula wiki kadhaa, lakini kukubaliwa kwa kuta ni sahihi moja, siku moja.

Kosa la kujaza maneno yaleyale nimelionja mwenyewe. Nilikuwa kwenye kamati ya ujenzi wa vyumba viwili vya madarasa, vifaa tunanunua sisi, fundi tunamlipa ufundi kwa awamu. Awamu ya pili tuliiandika hivi: "Boma kufika lenta", ule mkanda wa zege na nondo unaopita juu ya milango na madirisha. Fundi akapiga simu: "Mwenyekiti, tumefika lenta." Tukalipa. Tulipokwenda saiti tukakuta matofali yamepanda hadi usawa wa lenta, juu yake hakuna nondo wala zege. Vijana wake walishahamia kazi nyingine, na kuta zikakaa wazi zikinyeshewa na masika.

Fundi hakutudanganya. Kwa mafundi wengi, kufika lenta ni kufika pale inapokaa. Sisi tulidhani ni kuimwaga. Sentensi yetu haikutaja kitu cha kupokea wala tukio la kuthibitisha. Ilikuwa katikati, na kila mtu aliisoma kwa faida yake.

Tuiandike upya, tuanze na kitu. Jina lake linatosha kuwa fupi: boma la vyumba viwili. Kazi iko kwenye masharti ya kulipokea, na kila sharti liwe na namna ya kulipima ambayo hata mjumbe asiye fundi anaiweza. Chukua ukubwa. Ukiandika "vyumba viwe na vipimo sahihi" hujasema kitu. Andika kwamba kila chumba kina urefu wa mita 9 na upana wa mita 7 kwa ndani, na kwamba ukivuta futi kamba kutoka kona hadi kona ya mkabala, mara zote mbili unapata mita 11.40, tofauti isizidi sentimita 1. Kipimo hicho cha pili ndicho chenye akili. Kuta zinaweza kuwa na urefu kamili huku chumba kimepinda kama mkeka uliovutwa upande mmoja, na hapo kona moja hadi nyingine itasoma 11.52, ile nyingine 11.28. Watu wawili na futi kamba, dakika tano, ubishi umekwisha.

Kwa lenta, andika kwamba imezunguka kuta zote bila kukatika, na kwamba ina nondo nne, unene na nafasi za ringi kama zilivyo kwenye mchoro. Kisha jiulize: hizo nondo utazionaje zege likishamwagwa? Hutaziona. Swali hili ndilo linalokuonyesha pa kuweka hatua kuu. Hatua kuu huwekwa pale ambapo ukichelewa kukagua hutaweza kuona tena, au pale hela inapotoka. Kwenye lenta ziko mbili:

"Nondo za lenta zimekaguliwa na mhandisi, na ruhusa ya kumwaga zege imesainiwa."

"Boma limepokelewa na kamati, na fomu ya mapokezi imesainiwa."

Angalia vitenzi: zimekaguliwa, imesainiwa, limepokelewa. Ukitumia "kukagua" au "ukamilishaji" umeandika kazi inayoendelea, na kazi inayoendelea huwa ina asilimia. Kila saiti ina jengo lililofika asilimia 90 na likakaa hapo miezi. Ukitumia "-me-" mwulizwaji anabaki na majibu mawili tu, na la ndiyo linadai karatasi. Ongeza jina la cheo cha anayesaini, mmoja, na asiwe yule anayelipwa.

Kisha tarehe, na hapa fomu nyingi hujiumbua. Tuseme mkataba unadai vipande vya zege vipimwe maabara, zile boksi za milimita 150 zinazojazwa siku ya kumwaga. Hupimwa siku ya 7 na siku ya 28. Majibu ya siku ya 7 ni ya tahadhari tu; kwa saruji ya kawaida zege huwa limefikia takriban theluthi mbili ya nguvu yake ya siku ya 28, kwa hiyo likiwa chini sana hapo, mnajua mapema. Yanayokubali zege ni ya siku ya 28. Sasa kama mmeandika "Boma limepokelewa ifikapo 30 Juni" na ripoti hiyo ni sehemu ya masharti, hesabuni kurudi nyuma: zege lilipaswa kumwagwa tarehe 2 Juni au kabla, na bado hamjaipa maabara siku za kuandika ripoti. Sisi ratiba yetu ilionyesha kumwaga tarehe 15. Ratiba ilikuwa imeshindwa kabla tofali la kwanza halijalazwa, na hakuna aliyeona, kwa sababu hakuna aliyeandika ni karatasi gani itakayothibitisha.

Si kila kitu cha kukabidhi kinahitaji hatua kuu yake. Ripoti ya siku ya 7 inapokelewa, inawekwa kwenye faili, basi. Na kuna hatua kuu zisizo na kitu chochote cha kukabidhi nyuma yake: mkataba umesainiwa, fedha zimeingia kwenye akaunti ya shule. Hizo zikae kwenye safu yake, msizitafutie kitu cha kujazia upande wa pili. Nusu ya kuchanganya huanzia kwenye hofu ya kuacha kisanduku kitupu.

Hatua kuu zina upofu wake. Kati ya moja na nyingine hujui kitu, na kati ya jamvi, yaani sakafu ya zege, na lenta inaweza kupita miezi miwili mkisubiri "ndiyo". Sisi baadaye tuliweka moja katikati, "Kuta zimefika usawa wa madirisha na timazi imepigwa kwenye kona zote", ili ukuta uliolala ujulikane ukiwa bado una kozi chache za kubomoa. Na tarehe ikisogea, ile ya awali msiifute. Ongezeni safu ya tarehe halisi pembeni. Ukifuta, fomu itaonyesha kila kitu kilitokea kwa wakati, hata lile boma letu lililonyeshewa.

Fundi yule tulifanya naye kazi tena kwenye choo cha shule. Safari hii alipopiga simu kusema amefika lenta, mwenyekiti alimwuliza: "Umefika, au imemwagwa?" Akacheka. "Nimefika, mzee. Mleteni mhandisi aone nondo."