Insha imekwisha, mbona haiwasilishwi?

Je, kwa nini mwanafunzi hodari humaliza insha yake, kisha akashindwa kuiwasilisha?

Wengi hujibu haraka kwamba ana viwango vya juu mno, na kwamba akivishusha kidogo tatizo litakwisha. Jibu hilo linapendwa hata na mwanafunzi mwenyewe, kwa sababu lina heshima ndani yake. Utafiti, hata hivyo, unaelekeza kwingine. Mwaka 1990 mwanasaikolojia Randy Frost na wenzake walichapisha dodoso lililotenganisha mambo yaliyokuwa yakichanganywa: kujiwekea viwango vya juu ni jambo moja, ilhali kuhofia makosa na kutilia shaka kila kilichokwisha kufanywa ni jambo jingine. Mwaka 2017 Fuschia Sirois na wenzake walijumlisha matokeo ya tafiti nyingi na kukuta kwamba sehemu hizo mbili huvutana: wenye malengo makubwa walielekea kuahirisha kazi kidogo zaidi, na wenye hofu ya kukosea walielekea kuahirisha zaidi. Tafiti za aina hii hutegemea sana watu wanavyojieleza wenyewe na uhusiano uliopatikana si mkubwa, wala hauthibitishi kipi kinasababisha kipi. Hata hivyo, unatosha kutuonyesha kwamba kumwambia mwanafunzi apunguze malengo yake ni kumtibu mguu usiouma.

Kinachomzuia ni nafuu anayoipata kila anapoahirisha. Anapokaribia kubofya kitufe cha kuwasilisha, wasiwasi hupanda. Anaposema "nitaipitia tena kesho", hushuka papo hapo, na tendo lolote linaloondoa maumivu kwa haraka hujirudia. Ni kama mtu anayezunguka njia ndefu kila siku kwa kumwogopa mbwa wa nyumba fulani. Kila jioni hufika salama, na kila jioni huishukuru ile njia ndefu, asijue kwamba mbwa yule amefungwa siku zote. Vivyo hivyo, mwanafunzi aliyepitia kazi yake mara kumi akapata alama nzuri huamini kwamba marudio yale kumi ndiyo yaliyomwokoa, na hapati kamwe nafasi ya kuona ambavyo yangetosha mawili.

Tuchukue mfano wa kubuni. Insha inasahihishwa kwa alama 100: hoja 40, ushahidi 30, mpangilio 20 na lugha 10, na kila siku ya kuchelewa hukatwa alama 5. Siku ya mwisho inapofika, insha ya mwanafunzi wetu ina thamani ya alama 68, na kwenye lugha tayari ana 7 kati ya 10. Anabaki nayo siku mbili zaidi akiing'arisha aya ya utangulizi. Hata akifanikiwa kuliko ilivyotarajiwa, lugha itamwongezea alama 3 tu, afikishe 71. Baada ya makato anaondoka na 61. Ukimtazama kwa karibu katika siku hizo mbili, utaona amebadilisha "hata hivyo" kuwa "lakini", kisha akairudisha "hata hivyo" mahali pake. Hiyo ndiyo dalili ya wazi kuliko zote: masahihisho yanapoanza kujifuta yenyewe, kinachohudumiwa ni wasiwasi, wala si insha tena.

Njia inayotumiwa katika tiba ya fikra na tabia ni kuifanyia hofu hiyo majaribio. Kabla ya kuwasilisha kazi ndogo, mwanafunzi anaandika kwa maneno yasiyo na utata anachodhani kitatokea, kwa mfano "nitapata chini ya 50 na mwalimu ataniandikia kwamba sikuwa makini". Kisha anaweka kikomo mapema: kupitia hoja na ushahidi mara moja, kupitia lugha mara moja, na kuwasilisha. Wasiwasi utakuwepo bado anapobofya, na hapaswi kuusubiri uishe. Matokeo yakirudi, anayalinganisha na utabiri wake. Jaribio moja halitoshi, kwa maana hofu huwa na jibu lake tayari: "safari hii nilibahatika." Ndiyo maana huanza na kazi zenye alama chache na kurudiwa katika masomo tofauti.

Huenda pia alama zikashuka kweli, na hapo jaribio halijaharibika. La kuangalia ni kama zilishuka kwa kiasi alichokitabiri, na ziliangukia kwenye kipengele gani. Zikiangukia kwenye ushahidi, kazi inayofuata inastahili muda zaidi wa kutafuta ushahidi, na muda huo unaweza kutolewa kwenye saa alizokuwa akizitumia kuing'arisha aya ya kwanza.