Ripoti ya wiki kwa wakurugenzi: kilichokuwa kimejificha nyuma ya RPO, UAT na "P1 mbili"

Nafanya kazi ya mifumo kwenye kiwanda cha sangara hapa Mwanza, na kila Ijumaa jioni natakiwa kutuma ripoti fupi kwa wakurugenzi kuhusu mradi wa mfumo mpya wa mizani pale mapokezi, pale samaki wanaposhushwa kwenye gari na kupimwa kabla hawajaingia ndani. Wakurugenzi wetu ni watu wa samaki na watu wa hela. Waambie mafuta ya boti yamepanda kule Ukerewe, hapo hapo wanajua kilo itafika getini kwa shilingi ngapi. Ila chumba cha seva hawajawahi kuingia na hawana sababu ya kuingia. Wiki moja niliwatumia hii, naiweka kama ilivyokuwa:

```
DB ya mizani imehamia VM mpya.
Replikesheni kwenda DC Dodoma ina lagi ya saa 4,
RPO haijafikiwa. RTO iko ndani ya SLA.
UAT 80%. P1 mbili bado.
Failova: Jumapili 20:00.
```

Haikupita nusu saa mama mkurugenzi akanipigia. Nikamwamkia, akaitikia marahaba, akasema, "Mwanangu, hii nimeisoma mara mbili. Niambie tu, samaki niliopokea leo hesabu yao iko salama au haiko salama? Na huyo DC wa Dodoma anataka nini kwetu?"

DC kwa Mtanzania yeyote ni Mkuu wa Wilaya. Mi nilimaanisha jengo lenye seva zetu za akiba. Hapo hata kuongeza maelezo mbele ya herufi hakusaidii sana, kwa sababu neno lenyewe lina mwenyewe tayari, mtu akiliona akili inakimbilia huko alikozoea. Ni sawa na kuandika TB ukimaanisha ukubwa wa diski kwa mtu ambaye TB kwake ni kifua kikuu. Herufi za namna hiyo naziondoa kabisa, nasema "seva ya akiba iliyoko Dodoma" basi.

Usiku ule nikakaa nayo upya. Cha kwanza nilichojaribu ndo kile ambacho wengi wetu tunafanya, kuandika vifupisho kwa kirefu. RPO ikawa "lengo la sehemu ya kurejea". Nikaisoma kwa sauti nikaona kabisa kwamba mama ataisoma mara tatu badala ya mbili, kwa sababu kirefu nacho ni lugha yetu ya ndani, tofauti ni kwamba imekuwa ndefu. Nikabadilisha swali, kila neno nikawa naliuliza hivi: hili likitokea kesho saa 3 asubuhi, yule anayesimama kwenye mizani atafanya nini ambacho leo hafanyi?

Tuanze na hiyo RPO maana ndo ilinichukua muda. RPO inapimwa kwa muda, kuanzia rekodi ya mwisho iliyokwisha kunakiliwa sehemu salama mpaka dakika seva inapokufa. Sisi tulikubaliana isizidi dakika 15. Sasa replikesheni, yaani kunakili rekodi kwenda Dodoma, ilikuwa na lagi, yaani ilikuwa nyuma masaa manne wakati wa mchana, kwa sababu ile laini moja ya intaneti inayobeba tiketi za mizani ndo hiyo hiyo inayopeleka picha za kamera za ulinzi, na kamera zinajaza njia mpaka usiku ndo nakala inafikia. Mapokezi ikiwa imechangamka tunatoa kama tiketi 20 kwa saa, kila tiketi kwa wastani kilo 150. Masaa manne ni tiketi 80, yaani tani 12 za sangara ambazo seva ikifa mchana zitakuwa hazipo popote kwenye kompyuta. Samaki wenyewe watakuwepo, kinachopotea ni ushahidi wa nani alileta kilo ngapi. Na hapo karani wa mapokezi atafanya nini? Atawaomba mawakala nakala zao za karatasi aziingize upya moja moja. Hilo ndo jibu la swali la mama, na kwenye ripoti yangu ya kwanza halikuwepo.

Halafu "RTO iko ndani ya SLA". Hii ni muda wa kurudisha huduma baada ya kuzimika, na SLA ni yale makubaliano ya huduma, kwetu masaa matatu. Nilipojilazimisha kuiandika kwa maneno ya kawaida ikabidi niandike "tukizimika tunarudi ndani ya masaa mawili", na kalamu ikasimama, maana mtu mzima yeyote atauliza umejuaje. Tulijaribu mara moja tu, usiku, hakuna hata gari moja getini. Ile sentensi ya kwanza ilikuwa sahihi kwa herufi zake lakini ilinipa nafasi ya kutosema hilo, na nadhani hili ndo jambo ambalo wenzangu wa fani tunapaswa kuliangalia kwa ukali zaidi kuliko ufupisho wowote: kuna maneno ya kitaalamu ambayo ukiyatoa, chini yake unakuta kitu ambacho hukukithibitisha.

UAT 80% nayo hivyo hivyo. Ni majaribio yanayofanywa na watumiaji wenyewe kabla ya kuupokea mfumo, tulikuwa nayo 50 na 40 yalikuwa yamepita. Msomaji akiona 80% anaona kazi inakaribia kuisha. Lakini katika yale 10 yaliyobaki, sita yote yalikuwa sehemu moja, kukata mkopo wa wakala. Kwetu wakala anakopeshwa barafu na mafuta kabla ya safari, akileta samaki deni linakatwa kwenye malipo. Kwa hiyo ukweli ulikuwa kwamba kupima na kuchapisha kunafanya kazi, ukiacha hitilafu mbili nitakazozieleza, kukata mikopo bado hakuaminiki. Asilimia haiwezi kusema hivyo, inabidi useme.

Sasa P1 mbili. P1 ni alama tunayoipa hitilafu isiyotakiwa kusubiri, na mimi niliziweka mstari wa nne. Ya kwanza: umeme ukikatika na kurudi, mizani namba 2, ambayo ndo tumeanza nayo mfumo mpya, inasahau uzito wa kreti tupu. Kreti moja ni kilo 2, tiketi ya kreti tano inazidi kilo 10, yaani kiwanda kinalipia plastiki kwa bei ya sangara mpaka mtu agundue na kuiweka sawa. Ya pili: karatasi ya printa ikiisha katikati, mfumo unaandika kwamba tiketi imechapishwa wakati wakala ameondoka mikono mitupu. Unaona zinavyogusana? Nimetoka kusema kwamba rekodi zikipotea tutategemea karatasi za mawakala, na hapa karatasi zenyewe wengine hawana. Kwenye ripoti ya kwanza lile moja lilikuwa "RPO" na hili lilikuwa "P1" na hakuna mtu nje ya chumba chetu angeweza kuyaunganisha.

Kitu kingine ambacho kwa Kiswahili kinauma kuliko lugha nyingi ni saa. "Lagi ya saa 4" mtu anaweza kabisa kusoma kwamba ni lagi inayotokea saa nne asubuhi. Siku hizi muda wa kudumu naandika "masaa manne", na wakati naandika kwa saa zetu. Ile 20:00 ya failova, yaani kuhamia seva ya akiba, ni saa 2 usiku, na ukiona 02:00 kwenye logi ukaiandika "saa 2 usiku" umewaita watu kazini masaa sita kabla, maana hiyo ni saa 8 usiku.

Kabla sijatuma napitisha rasimu kwenye amri hii, inatoa kila neno la herufi kubwa na idadi yake:

```
grep -oE '\b[A-Z][A-Z0-9]+\b' ripoti.txt | sort | uniq -c
```

Italeta na TRA na VAT, hizo naziacha, wakurugenzi wanazijua kuliko mimi. Ila haioni "lagi" wala "failova" wala "replikesheni" kwa sababu zimevaa nguo za Kiswahili, kwa hiyo baada ya hapo namsomea kwa sauti karani wa mapokezi, yeye haoni karatasi, anasikiliza tu, af anieleze alichosikia. Anapokwama naandika upya palepale. Namchagua yeye kwa sababu anaijua kazi ya mizani vizuri sana, nikikosea jinsi kazi inavyoenda atanishika.

Ripoti iliyotoka Jumamosi asubuhi ilikuwa hivi:

"Tuna tatizo linalokula hela sasa hivi. Umeme ukikatika na kurudi, mizani namba 2 haipunguzi uzito wa kreti tupu, tiketi ya kreti tano inazidi kilo 10. Marekebisho yatawekwa Jumapili.

Rekodi za mapokezi za leo ziko salama seva ikiendelea kufanya kazi. Ikifa mchana tunaweza kupoteza masaa manne ya mwisho, kama tiketi 80, na tutaziingiza upya kutoka kwenye karatasi za mawakala. Baadhi ya mawakala hawana karatasi kwa sababu ya hitilafu ya printa, hiyo nayo inarekebishwa Jumapili. Chanzo cha kuchelewa ni kamera za ulinzi kutumia intaneti ile ile. Naomba ruhusa picha za kamera zipelekwe usiku tu.

Mfumo ukizimika tunatarajia kuurudisha ndani ya masaa mawili, ila tumejaribu mara moja, usiku, bila gari getini. Ukiacha hitilafu hizo mbili, kupima na kuchapisha kumepita majaribio. Kukata mikopo ya mawakala bado, sehemu hiyo tusiitumie.

Jumapili kuanzia saa 2 usiku tunahamia seva ya akiba iliyoko Dodoma kwa majaribio. Kwa masaa matatu mapokezi wataandika kwa mkono."

Imekuwa ndefu zaidi ya mara nne ya ile ya kwanza na sijutii. Zile RPO na RTO na namba zake sikuzitupa, ziko kwenye ukurasa wa nyuma kwa ajili ya mkaguzi na waliotuuzia mfumo, wao wanazihitaji kwa jina hilo hilo maana mkataba umeandikwa hivyo. Na maneno ambayo wakurugenzi wanayo tayari, kama seva na intaneti, sikuyagusa. Nilichokichunga ni kitu kimoja kiitwe jina moja mwanzo hadi mwisho, maana ukiandika seva hapa, mashine pale, na mtambo kule chini, msomaji atahesabu vitu vitatu.

Majibu ya mama yalikuja kwenye simu kabla ya saa 4 asubuhi: "Kamera usiku, sawa. Mizani namba 2 isisubiri Jumapili, zimeni sasa hivi wapime kwa namba 1. Na mhasibu anitolee tiketi zote za namba 2 za siku umeme ulipokatika." Karani akaizima dakika ile ile, foleni ya magari ikawa moja mpaka nje ya geti, na mhasibu akaanza kuzipitia tiketi akianzia na za Jumatatu.