Kuchopoa fremu si kukata video

Wiki mbili zilizopita nilikwenda Dunda, hapa Bagamoyo, kumwona mzee mmoja aliyecheza na kupiga ngoma maisha yake yote. Ana kaseti tisa za VHS za Mdundiko na ngoma nyingine, zilizorekodiwa harusini na kwenye maonyesho, na tulikuwa tumekubaliana nizihamishie kwenye kompyuta na kuziorodhesha. Nilipofika, kaseti zilikuwa zimeshafungiwa kabatini. Kijana aliyetangulia kumweleza kazi alimwambia hivi: "Mzee, tutaikata video kila sekunde kumi."

"Mwanangu," aliniambia baada ya salamu, "mimi sijakataa msaada. Lakini mkanda ukishakatwa kila sekunde kumi, kinabaki nini?"

Alikuwa na haki. Kwa Kiswahili alichoambiwa, hakibaki kitu. Neno "kukata" nimelisikia likitumika hivyo mara nyingi mno, ofisini na kwenye steshenari, na safari hii nusura kaseti tisa zikose kuorodheshwa kwa sababu yake.

Kinachofanyika ni hiki. Video ni picha nyingi zisizosogea zinazoonyeshwa moja baada ya nyingine haraka, na kila moja huitwa fremu. Kwa mfumo wa televisheni uliotumika kwetu enzi za kaseti, PAL, zinapita 25 kila sekunde. Programu inapita kwenye video, kila baada ya muda uliopanga inachukua nakala ya fremu moja, inaihifadhi kama faili la picha, kisha inaendelea. Mwisho una folda ya picha zinazokuonyesha mkanda mzima bila kuutazama mzima. Video yenyewe haiguswi.

Basi neno "kukata" limetoka wapi? Limetoka kwenye filamu, na huko lilikuwa kweli. Filamu ya sinema ni utepe wa plastiki ambao fremu zake unaziona kwa macho ukiuinua kwenye mwanga, zimepangana kama vyumba, na mhariri alishika mkasi akakata kweli. Kaseti ilipofika tuliiita mkanda, jina lilelile la kitu unachofunga kiunoni, na kitu kinachoitwa mkanda hukatika. Waliokulia enzi za kaseti wanakumbuka mkanda ulioliwa na deki, ukakatwa kipande na kuungwa kwa gundi, na pale kwenye kiungo picha ikaruka kila ulipochezwa. Kwa mzee wangu, kukata mkanda ni tukio analolijua. Kwa kijana, kukata ni kubofya alama ya mkasi kwenye simu ili kufupisha klipu. Hata hiyo ya simu si kazi tunayoizungumzia, kwa sababu anayefupisha klipu anapata video nyingine fupi, na mimi ninatafuta picha zilizotulia.

"Fremu" nayo ina yake. Ukipita barabara ya Magomeni utaona vibao vya "fremu inapangishwa", na kila mtu anaelewa kuwa ni chumba cha duka. Tunayo fremu ya mlango, fremu ya baiskeli, fremu ya picha ukutani. Kwa Kiingereza neno hili lilikuwa la mafundi wa nyumba, likimaanisha miti inayoshikilia jengo kabla ya kuta, na maana zetu zote zimebaki karibu na hapo: kitu kigumu kinachoshika kingine ndani yake. Ndiyo maana mtu akisikia "nitatoa fremu" anafikiri utabandua kile kizingo cha nje na kubakiza picha. Kwenye video ni kinyume chake. Fremu ni picha yenyewe, nzima, kutoka ukingo hadi ukingo, kwa lile tukio moja la kupepesa macho.

Ninatumia "kuchopoa" kwa sababu ndilo tendo linalofanana: unachopoa ukuti mmoja kwenye mzigo, na mzigo unabaki umefungwa. Wengine husema "kupiga skrinshoti kila sekunde kumi", na hapo pia ninasimama. Skrinshoti ni picha ya kioo cha simu au kompyuta. Inachukua chochote kilichopo juu yake, pamoja na saa, alama ya betri na kitufe cha kusimamisha, na ukubwa wake ni ukubwa wa kioo. Fremu iliyochopolewa inatoka ndani ya faili kwa ukubwa ambao video ilihifadhiwa, hata kama kioo kimezimwa.

Sasa tuje kwenye kaseti ya tatu ya mzee, kwa sababu ndiyo iliyonionyesha kwamba hata neno "fremu" linahitaji uangalifu. Ina dakika 47. Kwa 25 kila sekunde, hizo ni fremu 70,500, ambazo hakuna mtu wa kuzikagua. Nikichopoa moja kila sekunde kumi ninapata 282, na hizo mtu anazipitia kwa muda wa kunywa chai. Niliandika amri hii ya programu ya ffmpeg:

```
ffmpeg -i mkanda03.mp4 -vf "yadif,fps=1/10" -q:v 2 mkanda03_%04d.jpg
```

Sehemu ya `fps=1/10` ndiyo inayosema "moja kila sekunde kumi". Alama `%04d` inazipa picha namba za tarakimu nne ili zijipange zenyewe, na `-q:v 2` inaomba JPEG ya ubora wa juu. Iliyobaki, `yadif`, ndiyo ambayo watu huiacha, na ninataka kukaa nayo kidogo.

Mara ya kwanza sikuiweka. Picha za watu waliosimama zilitoka safi. Lakini za wapigaji zilikuwa na mikono yenye meno kama kitana, mistari myembamba ya mlalo, mmoja ukielekea kushoto na unaofuata kulia. Aliyeziona kwanza alidhani kaseti imeharibika. Haikuharibika. Kwenye VHS hakuna fremu moja iliyonaswa kwa mpigo mmoja. Ndani ya deki kuna gurudumu linalozunguka mara 25 kwa sekunde likiwa na vichwa viwili, na kila kichwa kinaandika nusu ya picha: kimoja mistari ya witiri, kingine ya shufwa. Kati ya nusu hizo mbili kuna pengo la sehemu ya hamsini ya sekunde. Mtu aliyetulia hana tofauti kati ya nusu moja na nyingine. Mkono unaoshuka kwenye ngoma umeshasogea, na ukizifuma nusu hizo kuwa picha moja unapata kitana. Kwenye televisheni ya zamani hukuliona hilo, kwa sababu nusu hizo zilionyeshwa moja baada ya nyingine, kama zilivyorekodiwa. Kumbe tunachokiita fremu ya mkanda ni mbili zilizoshonwa pamoja.

Kazi ya `yadif` ni kujaza upya mistari ya nusu moja kwa kuangalia fremu iliyotangulia na inayofuata. Kwa sababu hiyo lazima itangulie kwenye amri. Ukiandika `fps=1/10` kwanza, majirani inaowaangalia watakuwa wa sekunde kumi nyuma na kumi mbele, na mpigaji wako anaweza kutoka na kivuli cha mtu ambaye wakati huo hakuwapo uwanjani. Ukiona vivuli vya aina hiyo, angalia mpangilio wa amri kabla ya kuilaumu kaseti. Video zilizorekodiwa kwa simu za leo kwa kawaida hazihitaji hatua hii kabisa.

Jambo la pili ni saa. Katalogi haina faida ikiwa mtu hawezi kutoka kwenye picha kurudi kwenye mkanda. Picha namba 87 iko dakika ya ngapi? Wengi huzidisha kwa kumi na kuandika 14:30. Aliyekumbuka kwamba hesabu inaanza sifuri anaandika 14:20. Kwa amri niliyoitumia, zote mbili si sahihi. Programu hii, usipoiambia vinginevyo, huweka kituo kila sekunde kumi na kukadiria kila fremu kwa kituo kilicho karibu nayo, na inayobaki ni ile ya mwisho kabla ya kuvuka nusu ya safari kuelekea kituo kinachofuata. Kwa hiyo picha ya kwanza si ya sekunde 0, ni ya karibu sekunde ya 5. Ya pili ni ya 15. Na namba 87 ni ya 14:25. Nilifungua video, nikasogeza hadi 14:25, nikamkuta yuleyule mama mwenye kanga ya njano akiwa ameinua mkono. Fanya jaribio hilo kwa picha mbili au tatu kila unapoanza kaseti mpya. Kwa sekunde kumi kosa ni dogo, lakini ukichopoa kila dakika moja unapotoka kwa nusu dakika, na nusu dakika kwenye ngoma inatosha kubadili wimbo.

Mimi sikurekebisha. Fremu ya katikati inaiwakilisha sekunde kumi yake vizuri kuliko ya mwanzo, ila katalogi iseme hivyo. Kwa namba 87 nimeandika "14:20–14:30", yaani kipande, si nukta.

Na kipande hicho kinaweza kuficha kitu. Mwanzoni mwa kaseti kuna kitambaa chenye jina la kikundi, kamera inakipitia kwa sekunde nne tu. Hakikutokea kwenye picha hata moja kati ya zile 282, kwa sababu programu haijui kilicho muhimu, inajua saa tu. Nilikijua kwa kuwa mzee aliniambia kipo. Nikarudia dakika mbili za mwanzo kwa `fps=1` na `-t 120`, nikapata picha 120, na nne kati yake zina kitambaa. Mzee mwenyewe ndiye aliyenisomea jina, maana rangi imefifia.

Kaseti nilizipata siku ile ile, baada ya kumwonyesha mkanda wa harusi ya dada yangu ukiwa mzima na folda ya picha zake pembeni. Kwa hiyo, kijana wangu, ukitumwa tena kwa wazee, usiseme tutaikata. Mwambie: "Mzee, tutachopoa picha moja kila sekunde kumi, mkanda wako utarudi kama ulivyotoka." Kisha umwulize ni kitu gani ndani yake kinachopita haraka.