Saratani ya medula ya thairoidi: kwa nini watoto wasisubiri uvimbe

"Nimeambiwa nina saratani ya seli C na kalsitonini yangu iko juu. Ni vitu gani hivyo?"

Seli nyingi za tezi ya thairoidi, hii iliyo mbele ya shingo, hutumia iodini kutengeneza homoni za thairoidi. Katikati yake zimejibanza seli chache za aina nyingine, zinazoitwa seli za parafolikuli au kwa kifupi seli C. Hizi hazina habari na iodini. Zinatoa homoni iitwayo kalsitonini, ambayo hushusha kiwango cha kalsiamu kwenye damu. Kwa binadamu kazi hiyo si kubwa, na mtu aliyetolewa thairoidi yote haugui kwa kukosa kalsitonini.

Sisi tunaijali kwa sababu nyingine. Seli C zikigeuka kuwa saratani huimwaga kalsitonini kwenye damu kwa wingi, kwa hiyo kipimo cha damu kinaweza kutuonyesha saratani ipo, ni nyingi kiasi gani, na kama imebaki baada ya upasuaji. Saratani hiyo ndiyo ya medula. Si ya kawaida kati ya saratani za thairoidi, lakini takriban mgonjwa mmoja kati ya wanne ameirithi, na hapo ndipo penye kesi yetu.

"Mbona nilipima thairoidi na majibu yakaja mazuri?"

Ulipima TSH, na pengine T3 na T4. Vipimo hivyo vinaonyesha kama tezi inatoa homoni za thairoidi kwa kiasi kinachofaa. Seli C hazitengenezi homoni hizo, kwa hiyo zinaweza kuwa zimeshaota saratani huku TSH ikiwa safi kabisa. Tunawapokea watu waliokaa na uvimbe shingoni miaka kadhaa wakiwa na karatasi ya TSH mkononi kama cheti cha usalama. Uvimbe unahitaji ultrasaundi na sampuli ya sindano nyembamba, na ukitiliwa shaka ya medula, kalsitonini.

Kalsitonini iliyopita pikogramu 100 kwa mililita inaelekeza sana kwenye saratani hii. Iliyopanda kidogo tu inaweza kuwa na sababu nyingine, kwa mfano figo zilizochoka au dawa za kupunguza asidi ya tumbo kama omeprazoli, kwa hiyo mwambie daktari dawa zote unazotumia.

"Mgonjwa ni mimi. Watoto wangu wanaingiaje?"

Wanaingia kupitia jeni iitwayo RET. Ikiwa na hitilafu ya kuzaliwa nayo, seli C za mtu huyo zinasukumwa kuzaliana tangu utotoni. Hali hiyo inaitwa MEN2. Kila mtoto wa mwenye hitilafu ana nafasi ya nusu kwa nusu ya kuirithi, awe wa kiume au wa kike, na iwe imetoka kwa baba au kwa mama. Habari ya kwamba "huu ni ugonjwa wa upande wa kina mama" iacheni, maana inawafanya wavulana wasipimwe.

Ndiyo maana kila mwenye saratani ya medula anapaswa kupimwa RET, hata akiapa kwamba katika ukoo wao hakuna aliyewahi kuugua. Kipimo hicho kifanyike kwenye damu. Jibu la RET lililotoka kwenye kipande cha uvimbe halitoshi, kwa sababu uvimbe unaweza kupata hitilafu yake wenyewe ambayo hukuzaliwa nayo na huwezi kumrithisha mtoto.

"Lakini watoto hawana uvimbe, wanacheza vizuri. Si tusubiri kwanza?"

Hapana. Msisubiri uvimbe.

Wakati uvimbe unashikika kwa vidole, mara nyingi saratani imeshafika kwenye tezi za limfu za shingo. Ikishatoka nje ya thairoidi, kuiponya kabisa kunakuwa kugumu sana. Tukiiwahi ikiwa bado ndani ya thairoidi, upasuaji mmoja unaweza kuimaliza, na wakati mwingine unaizuia kabla haijaanza. Nafasi hiyo ipo mtoto akiwa hana dalili yoyote. Kusubiri dalili ni kusubiri nafasi ipite.

Umri wa upasuaji unategemea mahali hitilafu ilipo kwenye jeni, na maabara huandika namba yake, inayoitwa kodoni. Hitilafu iitwayo M918T ndiyo kali kuliko zote: mtoto hushauriwa kutolewa thairoidi ndani ya mwaka wake wa kwanza. Kodoni 634 ni upasuaji akifika miaka 5, au mapema zaidi kama kalsitonini inapanda. Nyingine ni za upole kiasi, na hapo daktari anaweza kumfuatilia mtoto kwa kalsitonini na ultrasaundi na kuchagua wakati. Huko ni kusubiri kwa ratiba, chini ya macho ya kliniki. Kusubiri mnakokutaja ninyi hakuna tarehe.

"Basi si tupime kalsitonini ya mtoto tu? Ikiwa chini tuachane na hiyo jeni."

Hapana tena. Kalsitonini ya chini inaeleza hali ya leo, haisemi kama mtoto amerithi au hakurithi. Isitoshe, watoto wachanga kwa kawaida huwa nayo juu kuliko watu wazima, kwa hiyo inaweza kuwatisha bure au kuwapumbaza. Jeni kwanza, kalsitonini baadaye kwa yule aliyerithi.

Niwape familia ya mfano, niliyoiunganisha kutokana na mambo tunayokutana nayo. Mama wa miaka 38 ana uvimbe shingoni. TSH imepimwa mara mbili, iko sawa, amerudishwa nyumbani mara mbili. Mara ya tatu anapimwa kalsitonini: 1,450. RET ina hitilafu kwenye kodoni 634. Anaambiwa awalete watoto watatu. Baba anasema shule zifungwe kwanza, kisha kunatokea msiba, kisha wanasahau. Mwaka unapita.

Wanapokuja, mdogo wa miaka 4 hana hitilafu. Huyo amemaliza: hahitaji kufuatiliwa wala kuchomwa sindano kila mwaka kwa ajili ya ugonjwa huu. Binti wa miaka 9 amerithi, na kalsitonini yake ni 14. Anafanyiwa upasuaji, maabara inakuta saratani ya milimita 2 na tezi za limfu safi. Baada ya hapo kalsitonini yake haionekani tena kwenye kipimo, na hilo ndilo jibu tunalolitamani.

Kijana wa miaka 16 naye amerithi. Hajawahi kulalamika chochote na ndiye nahodha wa timu. Kalsitonini yake ni 180, ultrasaundi inaonyesha kinundu cha milimita 8, na upasuaji unakuta saratani kwenye tezi za limfu. Miezi mitatu baadaye kalsitonini imeshuka hadi 22 na kugoma hapo. Maana yake kuna seli zimebaki mahali. Atapimwa tena na tena, na tutakachoangalia hasa ni kasi: ikijirudufu ndani ya miezi sita ni dalili mbaya, ikichukua zaidi ya miaka miwili anaweza kuishi nayo muda mrefu. Dawa za kuzuia RET zipo kwa saratani iliyosambaa, mfano selpakatinibu, na zinasaidia, ila hatuzihesabu kama tiba ya kuimaliza.

Narudia kwa wale wanaopenda kusikia mara mbili: yule kijana hakuwa na dalili.

"Nina presha pia, na moyo hunienda mbio nikitoka jasho. Ina uhusiano?"

Inawezekana sana, na sema kabla hujapanda meza ya upasuaji. MEN2 haiishii shingoni. Inaweza kuotesha uvimbe kwenye tezi za adrenali zilizo juu ya figo, uitwao feokromositoma, ambao hutoa adrenalini na ndugu zake kwa vipindi. Mgonjwa hupata kichwa kuuma, jasho, mapigo ya kasi na presha inayopanda na kushuka. Wengi wameambiwa ni mawazo, na wengine wamepelekwa kuombewa huku wanakosa kipimo kimoja tu.

Kipimo hicho ni metanefrini, kwenye damu au kwenye mkojo uliokusanywa saa 24. Feokromositoma isiyojulikana inaweza kupandisha presha ghafla wakati wa ganzi ya usingizi na kumuua mgonjwa mezani. Ikiwa ipo, adrenali inashughulikiwa kwanza na shingo baadaye. Mgonjwa huandaliwa kwa dawa za kuzuia alfa, kama doksazosini, kwa wiki moja hadi mbili au zaidi. Usianze propranololi uliyopewa na jirani kwa ajili ya mapigo: dawa za beta zikitangulia kabla ya zile za alfa zinaweza kuipandisha presha vibaya. Na mkiwa na historia ya ndugu aliyefariki ghafla akijifungua au akifanyiwa upasuaji mdogo, tuambieni. Inaweza kuwa ndiyo habari muhimu kuliko zote kwenye faili.

Katika aina ya MEN2A, tezi ndogo za parathairoidi nazo huweza kuzidi kazi na kupandisha kalsiamu. Kwa mwenye kodoni 634 tunaanza kuchunguza adrenali na kalsiamu kila mwaka tangu miaka 11.

"Nitameza iodini ya mionzi kama shangazi yangu?"

Hapana. Shangazi alikuwa na saratani ya zile seli zinazonyonya iodini. Seli C hazinyonyi, mionzi ingepita bure.

"Mtoto bila thairoidi ataishije?"

Kwa kidonge cha levothairoksini kila asubuhi, maisha yake yote, dozi ikiongezwa kadiri anavyokua. Atasoma na atakuja kuzaa. Hatari yenyewe ya kujali ni upasuaji kuumiza parathairoidi, ambazo kwa mtoto ni ndogo mno, kalsiamu ikashuka na vidole kukakamaa au kufa ganzi. Kwa hiyo mtafuteni daktari anayefanya upasuaji wa thairoidi za watoto mara kwa mara, hata kama ni kusafiri. Safari hiyo naielewa. Kinachonishinda kuelewa ni mzazi anayeogopa kidonge kuliko saratani.

"Ndugu zangu wako mbali. Niwaambie nini?"

Wapelekee nakala ya jibu lako la RET, si maelezo ya mdomo. Iwe na jina la jeni na namba ya kodoni, ili maabara ya huko waliko itafute hitilafu hiyo hiyo moja kwa moja. Anza na wazazi wako kama wapo hai, na ndugu zako wa tumbo moja. Atakayekutwa nayo, watoto wake nao wapimwe, pamoja na mchanga aliyezaliwa juzi.