Kompyuta Kurudia Droo Ileile Si Ushahidi wa Wizi

Siku hizi tunapokea malalamiko ya aina moja: mkaguzi amerudia droo ya promosheni mbele ya mashahidi, majina yaleyale yametoka kwa mpangilio uleule, basi watu wanasema washindi walipangwa. Tunaomba ieleweke kwamba kurudia huko ndiko ukaguzi wenyewe.

Programu ya droo hairushi dadu. Hupewa namba moja ya kuanzia, iitwayo mbegu, kisha hupiga hesabu, na kila jibu huzaa linalofuata. Chukua kalamu. Mbegu iwe 7. Zidisha kwa 5, ongeza 3, gawa kwa 16, uandike baki. Utapata 38, na baki ni 6. Ifanyie 6 vivyo hivyo upate 1, kisha 8, 11, 10, 5. Asiyejua kanuni ataona namba zimetapakaa ovyo. Jirani yako akianza na 7 atapata hizohizo, leo au mwakani. Kwa kanuni hii ndogo, hatua ya 16 inakurudisha kwenye 7. Programu za kazini huzunguka kwa muda mrefu mno kabla ya kujirudia, ila tabia ni hiyohiyo.

Kwa hiyo swali la kuuliza ni hili: mbegu ilitoka wapi, na nani aliijua mapema? Mbegu ikiwa ni saa ya kompyuta kwa milisekunde, anayejua dakika ya droo ana mbegu 60,000 tu za kujaribu, kazi ndogo kwa kompyuta ya kawaida.

Nchini Marekani, Eddie Tipton, aliyekuwa msimamizi wa usalama wa mifumo ya bahati nasibu, aliingiza kwenye programu msimbo uliofanya namba zitabirike katika tarehe chache za mwaka, ikiwemo Desemba 29. Mbinu hiyo ilithibitishwaje? Wapelelezi walichukua mashine iliyotumika Wisconsin mwaka 2007, wakarudia mazingira ya droo ile, na namba zilizoshinda zikatoka tena. Mwaka 2017 alihukumiwa kifungo cha hadi miaka 25. Wanaodai kurudia ni dalili ya wizi wazingatie kwamba hapa kurudia ndiko kulikosaidia kuuthibitisha.

Droo safi hufuata mpangilio, na mpangilio huo haubadilishwi. Kwanza orodha ya washiriki hufungwa na nakala yake kukabidhiwa mkaguzi. Programu nayo hufungwa, asiguse mtu tena. Baada ya hapo ndipo mbegu hupatikana, kwa mfano kwa kurusha dadu kadhaa hadharani, na kuandikwa kwenye fomu inayosainiwa na mashahidi. Mbegu ikitangulia orodha, mwandaaji anaweza kupanga upya majina hadi jina alitakalo liangukie nafasi ya ushindi.

Unapolalamika, usituletee picha ya majina yaliyojirudia. Tuletee saa ya kufungwa orodha na saa iliyoandikwa kwenye fomu ya mbegu.