Kuita familia Ujerumani: nyumba yako inapimwaje?

Mwenzetu anayeishi Ujerumani na kutaka kumwita mke, mume au watoto kutoka Afrika Mashariki huwa anawaza kwanza vyeti vya ndoa, vyeti vya kuzaliwa na mtihani wa Kijerumani. Nyumba huja mwisho, tena kama jambo dogo: si nina mkataba wa pango? Katika ofisi yetu ya ushauri, mafaili mengi tunayoletewa yamekwama hapo hapo kwenye nyumba, na mara nyingi mkataba wenyewe hauna kasoro. Kilichokosekana ni mita za mraba, au karatasi iliyotolewa siyo ile iliyoombwa.

Tuanze na njia ya faili. Familia inaomba viza ya kitaifa kwenye ubalozi wa Ujerumani, tuseme Nairobi au Dar es Salaam. Ubalozi hauwezi kujua nyumba ya Kassel au Bremen ikoje, kwa hiyo faili linatumwa kwa ofisi ya wageni ya mji unaoishi, yaani Ausländerbehörde. Ofisi hiyo ndiyo inayokuandikia wewe uliyeko Ujerumani ikidai uthibitisho wa makazi. Ikiridhika inaujibu ubalozi, na viza inaendelea.

Si kila mtu anaulizwa. Anayemfuata mwenzi mwenye uraia wa Ujerumani, sharti la ukubwa wa nyumba halipo. Aliyetambuliwa kuwa mkimbizi hadaiwi sharti hilo ikiwa maombi ya familia yake yamewasilishwa ndani ya miezi 3 tangu kutambuliwa, ndiyo maana tarehe ya barua ile ni ya kuchungwa sana. Na kwa mabadiliko ya sheria yaliyoanza kutumika kati ya Novemba 2023 na Machi 2024, wenye Blue Card ya Ulaya na wafanyakazi wengi wenye kibali cha ujuzi hawatakiwi tena kuonyesha ukubwa wa nyumba kwa ajili ya mwenzi na watoto walio chini ya miaka 18. Wengine wengi bado wanatakiwa: mwanafunzi wa chuo, kwa mfano, au mtu aliyepata ukaazi kwa njia nyingine nje ya ajira ya ujuzi. Angalia kifungu kilichoandikwa kwenye kadi yako ya ukaazi kabla hujamwamini rafiki anayekwambia sheria imefutwa. Kwake imefutwa kweli; kwako huenda haijafutwa.

Sheria ya ukaazi yenyewe, kifungu cha 2 aya ya 4, haitaji mita hata moja. Inasema tu kwamba hutadaiwa zaidi ya kinachotosha kwa mpangaji wa nyumba za ruzuku ya serikali, na kwamba mtoto ambaye hajatimiza miaka 2 hahesabiwi. Namba zimo kwenye mwongozo wa serikali ya shirikisho wa mwaka 2009 ambao maafisa wanaufuata: mita za mraba 12 kwa kila aliyezidi miaka 6, mita 10 kwa mtoto wa chini ya hapo, pamoja na jiko, bafu na choo ambavyo familia inaweza kuvitumia vya kutosha. Upungufu wa kama asilimia 10 hausumbui. Majimbo yanaweza kuwa na kanuni zake, na namna ya kuhesabu jiko na bafu haifanani kila mahali, kwa hiyo iandikie ofisi ya mji wako uiulize moja kwa moja: mnahesabu eneo lote la nyumba au vyumba vya kuishi pekee? Jibu la maandishi litakusaidia kuliko hesabu ya mtu wa mji mwingine.

Tuchukue mfano. Baba anafanya kazi kwenye ghala, ana ukaazi wa kudumu ambao haukutokana na kibali cha ujuzi. Mke yuko Tanga na watoto watatu: wa miaka 7, wa miaka 4, na wa miezi 18. Yeye mwenyewe amepanga chumba cha mita 18 katika nyumba anayochangia na wapangaji wengine wawili. Sebule ni kubwa, wanakaa wote jioni, naye anadhani itahesabiwa. Haihesabiwi. Chumba cha kukaa kinachotumiwa na watu wasio wa familia kinaachwa nje ya hesabu. Jiko na choo vya kushirikiana vinaweza kukubalika, lakini si sebule. Kwa hiyo ana mita 18, basi.

Anahitaji ngapi? Yeye na mke ni 24. Wa miaka 7 anaongeza 12, tunafika 36. Wa miaka 4 anaongeza 10, tunafika 46. Mdogo haingii. Akipata nyumba ya mita 44, na ofisi yake ikiwa inahesabu eneo lote, amepungukiwa na mita 2 tu. Asilimia 10 ya 46 ni 4.6, yaani hata 41 na nusu ingepita. Anasaini mkataba, anatuma nakala, analala usingizi.

Faili la viza halimalizwi kwa wiki mbili. Miezi inapita, mtoto mdogo anatimiza miaka 2, na afisa anapofika kwenye uamuzi anaitazama familia ilivyo wakati huo. Sasa mtoto anaingia na mita zake 10, jumla inakuwa 56. Ukiondoa asilimia 10 unabaki na 50.4. Nyumba ya mita 44 iliyotosha siku ya maombi haitoshi tena, na hakuna mtu aliyefanya kosa lolote. Huyu baba angetafuta tangu mwanzo nyumba ya mita 51 au 52, mke na watoto wangengoja viza tu badala ya kungoja viza na nyumba ya pili. Ninapokaa na mteja huwa naandika pembeni mwa karatasi tarehe za kuzaliwa za watoto, na mbele ya kila moja siku atakayotimiza miaka 2 na siku atakayotimiza 6. Akivuka 6, zile mita 10 zinakuwa 12.

Nyumba za darini zinahitaji tahadhari ya peke yake, maana ndizo za bei nafuu kidogo na ndizo zinazotuangukia sisi. Kanuni ya kupima eneo la kuishi inasema sehemu ambayo paa lake liko chini ya mita 1 kutoka sakafuni haihesabiwi kabisa, na sehemu iliyo kati ya mita 1 na mita 2 inahesabiwa nusu. Chukua chumba cha mita 5 kwa 4. Sakafuni ni mita za mraba 20. Upande mmoja wa mita 5 paa limeinama: ukanda wa nusu mita ukutani uko chini ya mita 1 kwenda juu, hizo ni mita 2.5 zinazopotea zote. Ukanda unaofuata, wa upana wa mita 1, uko kati ya mita 1 na 2, hizo ni mita 5 zinazogeuka 2.5. Chumba kimebaki 15. Baraza la nje kwa kawaida huhesabiwa robo yake, na stoo ya chini ya jengo haihesabiwi. Ukienda kutazama nyumba ya namna hiyo, beba futi ya kupimia na uulize kama mita zilizotangazwa ni za sakafu au za eneo la kuishi.

Mkataba wa pango, Mietvertrag, unaweza kuwa halali kabisa bila kutaja ukubwa wa nyumba. Sheria haimlazimishi mwenye nyumba kuandika. Ndipo ofisi inapokurudishia fomu yake, ambayo miji mingi huiita Vermieterbescheinigung, mwenye nyumba ajaze: anwani, idadi ya vyumba, mita za mraba, kodi bila gharama na kodi pamoja na gharama za joto, na watu wangapi wanaishi humo sasa. Kodi inaulizwa kwa sababu mshahara wako utapimwa baada ya kuitoa.

Watu wengi hapa hutuma karatasi nyingine, Wohnungsgeberbestätigung, kwa sababu nayo imesainiwa na mwenye nyumba na inaonekana rasmi. Hiyo ni ya kujiandikisha anwani manispaa, jambo ambalo lazima ulifanye ndani ya wiki 2 tangu kuhamia. Inataja mwenye nyumba, anwani, siku ya kuhamia na majina ya waliohamia. Haina mita hata moja, na mke aliyeko Tanga hawezi kuwamo kwa sababu hajahamia. Ataandikiwa ya kwake akifika. Mwenye nyumba hana ruhusa ya kuinyima. Akikataa, toa taarifa ofisi ya uandikishaji, kwani anaweza kutozwa faini ya hadi euro 1,000.

Wengine huogopa hata kumwambia mwenye nyumba kwamba familia inakuja, wakidhani atawafukuza. Mpangaji wa Ujerumani ana haki ya kuishi na mwenzi wake na watoto wake katika nyumba aliyopanga bila kuomba ruhusa; anachotakiwa ni kumjulisha mwenye nyumba. Mwenye nyumba anaweza kupinga ikiwa nyumba itajaa kupita kiasi, na hapo tunarudi kwenye mita zile zile. Mwandikie barua fupi: Bwana au Bibi fulani, mke wangu na watoto wangu watatu wanatarajiwa kuhamia kwangu, naomba unijazie fomu hii ya ofisi ya wageni. Ambatanisha fomu, na sehemu ambazo unazijua zijaze wewe ili abaki na kusaini tu. Wenye nyumba wengi hawakatai, wanachelewa.

Aliyepanga kwa mpangaji mwenzake yuko kwenye hali tofauti. Mkataba wake ni na mpangaji mkuu, na huyo naye alipaswa kupata idhini ya mwenye nyumba ili akupangishe. Ofisi ikiomba idhini hiyo na haipo, mkataba wako hauna nguvu ya kuita familia, hata kama umelipa kodi miaka mitatu bila kukosa. Muulize mpangaji mkuu kabla ya maombi, si baada ya barua ya ofisi kufika.

Kisha kuna wanaouza anwani. Mtu anakuahidi mkataba wa nyumba ya mita 60 na sahihi ya mwenye nyumba kwa mia kadhaa za euro, na huko hutaishi. Afisa hulinganisha mkataba na taarifa za benki zinazoonyesha kodi ikilipwa kila mwezi, na orodha ya watu walioandikishwa kwenye anwani hiyo. Anwani yenye watu kumi na wawili katika vyumba viwili hujulikana haraka. Kutoa anwani kwa mtu asiyehamia humo ni kosa la faini ya hadi euro 50,000 kwa anayeitoa, na kwako wewe ni taarifa ya uongo kwenye faili la ukaazi, ambalo utalihitaji tena kila unapoomba kuongezewa muda.