Umezima lokesheni, sawa, lakini umezima ipi?

Wiki hii peke yake nimeambiwa mara nne na watu wanne tofauti, "fundi, mi lokesheni nimezima kitambo, simu yangu hainifuatilii." Kila nikiipokea hiyo simu na kufungua setingi nakuta kumbukumbu za miezi na miezi. Nimechoka kueleza jambo hilohilo nikiwa nimesimama, leo naandika, na atakayekuja tena na hayo maneno nitampa hii aisome kwanza.

Ile swichi ya Location unayoiona ukishusha skrini kutoka juu inafanya kazi moja tu: inazikatalia apu kujua simu ilipo kuanzia dakika hii. Kilichoandikwa jana haikigusi, akaunti yako ya Google haiigusi, namba ya matangazo haiigusi. Mtandao wa laini nao haiugusi, maana laini ikiwa hewani lazima mnara ujue simu iko upande gani ili ikipigiwa iite, hilo hakuna setingi ya kuliondoa.

Na kingine, hakuna mtu anayeiacha imezimwa! Juzi alikuja mama mmoja anauza vitenge, simu yake ni Android 13, anasema mbona alienda Morogoro kumwona dadake akaanza kuona matangazo ya nyumba za wageni za hukohuko wakati lokesheni ameizima. Nikamuuliza, mama, bajaji unaitaje? Kwa simu. Na ukiita unawasha nini? Akanyamaza kidogo, "nawasha hiyo ya ramani, ila nikifika nazima." Na leo ulizima? Tukashusha skrini, ilikuwa inawaka tangu asubuhi.

Hapo ndo naipenda Privacy dashboard. Ipo kuanzia Android 12, unaingia Settings, Security & privacy, Privacy, halafu Privacy dashboard. Kuna simu wameipa jina lingine kidogo, ukipotea andika "privacy" kwenye kisanduku cha kutafutia juu ya setingi utaiona. Inakuonyesha kwa saa 24 zilizopita nani katumia kamera, nani maiki, nani lokesheni, na saa ngapi. Tukabonyeza Location kwenye simu ya mama. Apu ya bajaji ipo saa 1 na dakika zake asubuhi, sawa, hiyo aliita yeye. Chini yake apu ya hali ya hewa, saa 2, saa 3, saa 3 tena, saa 5, saa 6. Na apu moja ya tochi, mara mbili. Mama akaniangalia, "mwanangu, tochi inataka kujua niko wapi ya nini?"

Jibu ni kwamba tochi yenyewe haihitaji, ila iliomba ruhusa siku ya kwanza na mama alibonyeza ndiyo ili imulike haraka umeme umekatika. Ile ya hali ya hewa ilikuwa na ruhusa ya Allow all the time. Ni kama koki kubwa ya nje kwenye mita: wewe unaifungua ujaze ndoo moja ya bafuni, kumbe mabomba ya jikoni na uani yote uliyaacha wazi, maji yanamwagika kote. Swichi ya Location ni ile koki ya nje. Mabomba ni ruhusa ya kila apu, na ndiyo ya kufunga.

Sasa hapa nisikilizeni vizuri maana watu wengi wakishaiona hiyo Privacy dashboard wanafikiri wamemaliza. Ile inaonyesha, haizuii. Lazima ubonyeze jina la apu ikupeleke kwenye ruhusa yake, uchague mwenyewe. Tochi tuliiwekea Don't allow, baadaye mama akaamua kuifuta kabisa kwa sababu simu ina tochi yake tayari. Bajaji tuliiwekea Allow only while using the app. Hali ya hewa tuliiwekea hivyohivyo halafu tukazima Use precise location, kwa hiyo inapewa eneo la kukadiria, kama kilomita za mraba 3 hivi, na kwa mvua inatosha kabisa, mvua hainyeshi kwenye mlango wako tu. Bajaji usiizimie hiyo precise, dereva atakutafuta mtaa wa pili mpaka akate tamaa.

Na kuna kitu ambacho nikiulizwa sina jibu la kumpa mteja na sitaki kumdanganya. Privacy dashboard inakwambia apu imeisoma lokesheni saa 3. Haikwambii baada ya kuisoma iliipeleka wapi. Inaweza kuwa ilitazama tu kama kuna mvua, inaweza kuwa imeituma kwenye seva ya kampuni ya matangazo, kwenye ile skrini mistari yote miwili inafanana. Kwa hiyo mi nahukumu kwa hitaji: kama sielewi apu inaitaka lokesheni ya nini, hainayo ruhusa, basi.

Tukaja kwenye akaunti, na hapa ndipo panaponikera kuliko kote. Google kuna sehemu inaitwa Timeline, zamani ikiitwa Location History, ndiyo inayochora ulipopita siku kwa siku. Watu wanaizima hiyo wanasema nimemaliza. Hapana! Kuna nyingine inaitwa Web & App Activity, hiyo inaandika ulichotafuta na apu ulizofungua, na pamoja na hayo inaweza kuandika eneo ulilokuwepo ulipotafuta. Ni swichi mbili tofauti, ukizima moja ya pili inaendelea kama kawaida. Wala sio mimi niliyegundua, Agosti 2018 shirika la habari la Associated Press liliandika jambo hilihili, na Novemba 2022 Google ikakubali kulipa majimbo 40 ya Marekani dola milioni 391.5 kumaliza kesi yake. Majimbo mazima na mawakili wake yalilalamika kwamba watu hawaelewi hizi swichi, kwa hiyo wewe ukichanganya sikulaumu, ila ukishaelezwa usiendelee kuniambia umezima ile moja.

Ya mama Timeline ilikuwa imezimwa kweli. Tukafungua myactivity.google.com, tukarudi nyuma mpaka siku ya safari, na hiyo hapo: ametafuta nyumba ya wageni ya bei nafuu kwa ajili ya shemeji yake, na ukibonyeza maelezo kuna alama ya eneo. Kwa hiyo matangazo ya Morogoro hayakuhitaji hata GPS, aliwaambia mwenyewe kwa maandishi. Naulizwa pia kuhusu anwani ya IP, kwamba si inaonyesha ulipo? Inakadiria, ila kwa bando la simu mara nyingi inakosea mji mzima, uko Mbeya inasema Dar, kwa hiyo kwa huyu mama mi nalaumu zaidi ile tafuta yake kuliko IP. Kwa uhakika wa asilimia mia siwezi kusema, tangazo halina risiti.

Kuizima unaingia myaccount.google.com, Data & privacy, Web & App Activity. Ukibonyeza Turn off inakupa njia mbili, na tafadhali soma kabla ya kubonyeza: Turn off peke yake inaacha kuandika vipya lakini vya zamani vyote vinabaki palepale. Turn off and delete activity ndiyo inayokuuliza ufute nini. Watu kibao wanabonyeza ya kwanza wanaondoka wakiwa na amani, kumbe miaka miwili ya nyuma iko kabatini. Kama unapenda Google ikumbuke ulichotafuta, usizime, weka Auto-delete ya miezi 3. Mama alichagua hivyo, anasema anapenda kurudia mapishi aliyoyaona, na mi sikubishana naye.

Matangazo sasa, haraka haraka. Kila simu ya Android ina namba ya matangazo, apu mbalimbali zinaisoma hiyo namba ileile ndo maana zinajua ni wewe. Settings, Privacy, Ads, Delete advertising ID. Ukishaifuta, apu ikiiomba inapewa sifuri tupu:

```
00000000-0000-0000-0000-000000000000
```

Halafu nenda myadcenter.google.com uzime Personalized ads. Matangazo hayatapungua hata moja, nalisema mapema ili usirudi kunigombeza, yatakuja yaleyale kwa wingi uleule ila yatafuata unachokisoma muda huo badala ya historia yako. Na apu uliyojisajili kwa namba yako ya simu haihitaji hiyo namba ya matangazo kukutambua, imeshakujua kwa namba ya simu. Huko kufuta hakusaidii.

Nilikuwa nafunga setingi nikaona kitu kilichonisimamisha. Kwenye Security ya akaunti yake ya Google, chini ya Your devices, kulikuwa na simu mbili. Mama, hii nyingine ya nani? Haijui. Akaunti alifunguliwa na kijana wa duka alikonunua simu, kijana akaweka nywila anayoijua yeye na namba yake ya simu kama namba ya kurejeshea akaunti. Yaani yote tuliyokuwa tunayahangaikia, alichotafuta mama, alama za maeneo, mtu mwingine alikuwa anaweza kuyafungua akiwa kwake amekaa. Sisemi aliyafungua, sijui. Lakini hii naikuta kila mara, na hapa kwetu ukifunguliwa simu mpya dukani hakuna anayeuliza.

Kwa hiyo utaratibu wangu nimeubadilisha, naanza na akaunti kabla ya lokesheni. Tuliondoa namba ya kijana kwanza tukaweka ya mama, tukabadilisha nywila akaiandika yeye mwenyewe mi nimegeuka, tukaitoa ile simu ya pili. Ukibadilisha nywila ukaiacha namba ya kurejeshea ya mtu mwingine bado una kazi, anaweza kuomba namba za kuthibitisha zitumwe huko akaingia upya.

Jumamosi kapita tena kuniletea simu ya mwanawe, nikamwomba tufungue Privacy dashboard. Lokesheni saa 24: bajaji mara mbili, hali ya hewa mara moja, alipoifungua mwenyewe alfajiri kabla ya kwenda kufungua duka. Swichi ya juu ilikuwa inawaka, kasahau tena kuizima.